Umeiga tagi za chaneli kubwa na watazamaji wamepungua? Rudisha hivi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Kigoma. Ana chaneli ya YouTube ya kazi za ziwani. Video iliyombeba aliipiga mwaloni Kibirizi: mama mmoja anaonyesha namna ya kuanika dagaa kwenye kichanja cha wavu badala ya kuwamwaga chini. Kichwa chake kilikuwa "Jinsi ya kuanika dagaa wa Kigoma bila mchanga". Haikuwa na kishindo, lakini kila siku ilipata watu.

Kisha akachukua tagi zote za chaneli maarufu ya vichekesho, akafuta zake na kubandika hizo. Akazibandika na kwenye maelezo. Ili vitu viendane, akabadili na kichwa: "Utashangaa! Kijana wa Kigoma afanya makubwa". Wiki iliyofuata akanipigia: "Kaka, chaneli imekufa."

1. Fungua YouTube Studio, ingia kwenye video yenyewe, kisha `Analytics`. Tumia kompyuta ukiipata. Kwenye simu inawezekana, ila kulinganisha vipindi viwili kwenye kioo kidogo kunachosha macho na kukosesha umakini.

2. Tafuta watazamaji waliopotea walikuwa wanatokea wapi. Hapa ndipo penye kazi, usiparuke. Nenda `Reach`, angalia `Traffic source types`. Usilinganishe wiki hii na wiki video ilipotoka, maana video nyingi hupanda mwanzoni kisha zikashuka zenyewe. Chukua wiki moja kabla ya mabadiliko na wiki moja baada yake, na uache siku mbili za mwisho kwa sababu takwimu huchelewa kukamilika.

Kwa kijana huyu, `Browse features` na `Suggested videos` vilikuwa vidogo tangu mwanzo na vilibaki vilevile. Kilichoporomoka ni `YouTube search`. Bonyeza hapo uone maneno ambayo watu waliandika. Wiki ya kabla: "kuanika dagaa", "dagaa wa kigoma", "kichanja cha dagaa". Wiki ya baada yalikuwa karibu yametoweka. Tukatafuta majina ya wachekeshaji aliyoyabandika kwenye tagi, hata moja halikuwapo. Maana yake tagi za kuiga hazikumletea mtu yeyote, na waliokuwa wakimtafuta kwa jina la kazi yake hawakumwona tena.

Angalia pia mstari wa watu wanaobaki kwenye video. Wake ulishuka ghafla kwenye sekunde za mwanzo: aliyefuata "makubwa" akakuta dagaa wanageuzwa kwenye wavu, akaondoka.

3. Rudisha kichwa kwanza, tagi za kwenye sehemu ya `Tags` usiziguse. Ukibadili vyote siku moja hutajua kipi kilikuumiza. YouTube yenyewe inasema tagi zina mchango mdogo sana katika video kupatikana; kichwa, picha ya jalada na maelezo ndivyo vyenye uzito. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni kichwa.

Studio haikutunzii kichwa cha zamani. Kijana alikuwa amekisahau, tukakipata kwenye grupu la WhatsApp la darasa lao: kiungo alichotuma zamani bado kinaonyesha kichwa cha siku ile. Kabla ya kubadili chochote, nakili kichwa, maelezo na tagi kwenye daftari.

Tulirudisha kichwa, tukasubiri wiki nzima. "Kuanika dagaa" ikarudi kwenye orodha ya utafutaji huku tagi za vichekesho zikiwa bado zipo. Hapo ndipo alipokubali kwamba kichwa ndicho kilichomwangusha.

4. Futa tagi ulizobandika kwenye maelezo. Hili usisubiri wiki ipite, lifanye siku hiyohiyo unayorudisha kichwa. Kurundika tagi kwenye maelezo kunakatazwa na sheria za YouTube, na video inaweza kuondolewa. Mahali pake andika sentensi mbili tatu za kweli: samaki gani, anaanikwaje, wapi.

5. Sasa tagi. `Details`, kisha `Show more`, shuka hadi `Tags`. Nafasi ni herufi 500, lakini huna haja ya kuijaza. Mimi sipendi programu zinazopendekeza tagi. Orodha ya maneno ya utafutaji ya hatua ya 2 inatosha, kwa sababu hayo watazamaji wako wameyaandika wenyewe. Tagi zina faida zaidi pale watu wanapokosea tahajia, basi weka na makosa yao. Zake ziliishia hivi:

```
kuanika dagaa, dagaa wa kigoma, daga wa kigoma, kichanja cha dagaa, dagaa ziwa tanganyika
```

Usizibadilishe tena mpaka orodha ya utafutaji ionyeshe neno jipya ambalo watu wanalitumia.