Somo: Tindo la springi limekuwa gumu, la nondo limegoma

Wakuu, nilitengeneza matindo mawili, moja la springi bapa ya gari, jingine la nondo. La springi nikalichovya kwenye oili, la nondo kwenye maji kabisa. Kujaribu na tupa, kwenye springi inateleza kama iko juu ya kioo, kwenye nondo inang'ata na unga unadondoka. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: pasha ncha kama sentimita 3 mpaka iwe nyekundu na sumaku isishike, hapo ni kama nyuzi 770, halafu ongeza moto kidogo ifike 830 hivi. Kwenye joto hilo atomu za chuma zimejipanga mpango unaoitwa austenaiti, na kaboni imeyeyuka katikati yake kama sukari kwenye chai.

Hatua ya 2: chovya fasta. Ukiliacha lipoe lenyewe, kaboni inatembea, inatoka kwenye nafasi zake na kujikusanya pembeni, chuma kinabaki laini. Safari hiyo inahitaji muda na joto, na wewe umeinyima vyote viwili. Kwa springi yenye kaboni kama asilimia 0.6, ikishuka kwenye nyuzi 300 hivi atomu za chuma zinasogea kwa pamoja, kama askari gwaridani wakiamriwa hatua moja kulia, kila mmoja anasogea kidogo kuliko umbali wa kumfikia jirani yake na majirani ni wale wale. Hakuna atomu iliyosafiri, kaboni imenaswa pale pale ilipokuwa. Hiyo ndo matensaiti.

Sasa mpango mpya hauna nafasi ya kuitosha kaboni, kwa hiyo kijumba cha atomu kinavutwa upande mmoja, kwa springi hii kinarefuka karibu asilimia 2.7 kuliko upana wake. Mvutano huo ndo unazuia tabaka za atomu kuteleza, na chuma kisichoteleza ndani ndo chuma kigumu.

Hatua ya 3: usikae, ncha sasa inavunjika kirahisi. Ing'arishe, pasha taratibu kutokea nyuma mpaka rangi ya kahawia ianze kwenda zambarau, ichovye tena.

MASWALI

Mkuu, nondo kwa nini imegoma na ilienda kwenye maji?

Nondo nyingi zina kaboni kama asilimia 0.2. Matensaiti inaweza ikatokea, ila atomu za kaboni zilizokwama ndani ni chache, mvutano mdogo, tupa inaishinda.

Basi nikitafuta yenye kaboni asilimia 1.2 si itakuwa gumu mara mbili?

Hapana kaka. Ukipita 0.7 hivi ugumu unaacha kupanda, maana sehemu ya austenaiti inagoma kugeuka hata ikifika joto la kawaida, na hiyo ni laini.

Nikiiacha kwenye oili usiku mzima je?

Haisaidii. Matensaiti inafuata joto limeshuka kiasi gani, haifuati saa.

Yangu ya springi niliitia kwenye maji ikapasuka mstari.

Matensaiti inachukua nafasi kubwa kuliko austenaiti. Nje iligeuka kwanza ikawa ngumu, ndani ikageuka baadaye ikatanuka, ganda likachanika. Hiyo tindo usiipigie nyundo tena, kata sehemu yenye ufa, anza upya na oili.