Kugawana kodi kwa ukubwa wa chumba: hesabu tuliyoifanya kwenye nyumba ya Tudor

Nyumba yetu Tudor, Mombasa, ilikuwa ya vyumba vitatu, kodi shilingi 36,000 kwa mwezi, na tulikuwa watu watatu. Miezi ya kwanza kila mmoja alitoa 12,000. Aliyelala kwenye chumba kidogo alikuwa akifungua kabati lazima kwanza asogeze kitanda, huku mwenzetu wa masta ana choo chake na nafasi ya meza. Siku moja akasema, "Jamani, hivi mimi nalipia nini?" Jioni hiyo tukatafuta tepu.

Pima vyumba. Azima tepu ya fundi, usipime kwa hatua za miguu. Pima ukuta hadi ukuta kwa mita, urefu mara upana. Kabati la ukutani lihesabu, maana ni nafasi ya mwenye chumba peke yake. Choo cha ndani ya masta nacho ni chake, kiingize. Chumba chenye kona kigawe mistatili miwili, kisha ujumlishe. Wote muwepo mnapopima. Kwetu vipimo vilitoka hivi: masta mita za mraba 15.6, na choo chake 2.4, jumla 18. Chumba cha kati 12. Kidogo 10. Vyote pamoja 40, yaani asilimia 45, 30 na 25.

Usikimbilie kuzidisha kodi yote. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukipiga asilimia hizo kwa 36,000, masta atalipa 16,200 na kidogo 9,000. Lakini kodi hailipii vyumba vya kulala pekee. Sebule, jiko, ushoroba na choo cha pamoja mnavitumia sawasawa, na mwenye masta hapiki mara mbili kwa sababu chumba chake ni kikubwa. Kwa hiyo pima na sehemu za pamoja. Zetu zilifika mita za mraba 40, sawa na vyumba. Basi nusu ya kodi, 18,000, ikawa ya sehemu za pamoja, kila mtu 6,000. Nusu ya pili tukaigawa kwa asilimia: 8,100, 5,400 na 4,500.

Ukiwa na jedwali la Excel, andika vipimo vya vyumba kwenye B2 hadi B4, kisha kwenye C2 weka hii na uiburute chini:

```
=B2/SUM(B$2:B$4)*18000+18000/3
```

Ikatoka 14,100 kwa masta, 11,400 kwa cha kati, 10,500 kwa kidogo. Jumlisha kila mara uone 36,000 imetimia, kwa sababu mwenye nyumba anataka pesa yake kamili na mgao wenu haumhusu.

Mtu akihamia na mwenzake, sehemu ya pamoja igawe kwa vichwa, si kwa vyumba. Masta wakiwa wawili, kila kichwa ni 4,500, na chumba hicho kitalipa 17,100. Tokeni za stima na maji ya boza viache nje ya hesabu hii kabisa, maana havifuati ukubwa wa chumba.

Kisha ulizaneni kama kuna anayetaka kubadilisha. Tepu haipimi joto. Chumba chetu cha kati kilitazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri ukuta ulikuwa ukiugusa unachoma. Kile kidogo dirisha lake lilipokea kaskazi moja kwa moja, Januari na Februari unalala bila feni. Nilipouliza, "Kwa bei hizi, nani yuko tayari kuhama?" wa cha kati akajibu papo hapo kwamba yeye angehamia kidogo. Hapo ukajua bei hazijakaa sawa. Tukahamisha 300 kutoka kwake kwenda kwa mwenye upepo: 11,100 na 10,800. Nikauliza tena, na safari hii hakuna aliyetaka kuhama. Swali hili nimelitumia kwenye nyumba nyingine pia, na ndilo ninaloliamini kuliko tepu yenyewe.

Andikeni, na diposti ifuate mgao uleule. Watu husahau hili. Sisi diposti tulikuwa tumetoa 12,000 kila mmoja, kwa hiyo mwenye masta akaongeza 2,100, na wenzake wakarudishiwa 900 na 1,200. Mwezi wa nane mwenye chumba kidogo alipohamia Likoni, aliyeingia alimtumia 10,800 kwa M-Pesa, akachukua ufunguo siku hiyohiyo.