Mkia wa maelezo ya video: uandike mara moja, uupunguze mapema

Kama chaneli yako ya YouTube ni ya mapishi, usibandike maneno yale yale chini ya kila video kwa mkono. Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, ingia Settings, kisha Upload defaults, uweke maneno hayo ya kujirudia, yaani mkia wako, kwenye kisanduku cha Description. Juu yake acha mistari miwili mitupu. Hapo ndipo utaandika habari za video yenyewe, kwa mfano vipimo vya pilau.

Mkia wenyewe uwe hivi:

```
Mapishi yote: https://...
Biashara: barua@...
Video mpya kila Ijumaa
```

Anwani ianze na https://, la sivyo inaweza kubaki maandishi tu yasiyobofyeka. Na usiweke kitu kinachoisha muda, kama punguzo la mwezi huu. Mpangilio huu hugusa video mpya tu; zile za zamani, hata zikiwa 80, zitabaki na tangazo lililokufa mpaka uzirekebishe.

Mkia umerefuka mno lini? Kikomo cha maelezo yote ni herufi 5,000, lakini mkia huchosha mapema zaidi. Fungua video kwa simu, bonyeza maelezo. Ukilazimika kusogeza skrini kupita orodha ya kamera, sufuria na mitandao mitano, punguza. Mimi naona mistari sita inatosha. Vifaa vihamishie kwenye ukurasa mmoja, mkia ubaki na kiungo chake. Ukibadili sufuria, unarekebisha ukurasa ule tu.