Penduli pia: kutafuta pembe ya uzi na muda wa mzunguko kwa mota ya waipa na chubwi

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya penduli pia, yaani kizito kinachozungushwa kwenye duara kikiwa kwenye ncha ya uzi ulioinama, mwanafunzi mmoja hunyanyua mkono na kusema, "Mwalimu, kikokotoo changu kibovu." Anakigeuza nione, na kwenye kioo pameandikwa `Math ERROR`. Kikokotoo ni kizima. Kinajaribu kumwambia jambo ambalo fomula ya daftarini haikumwambia, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya jambo hilo. Naufanya kwa vifaa ninavyotumia skulini hapa Wete, ambavyo ni mota ya waipa ya gari kongwe, betri ya pikipiki, uzi wa kushonea nyavu, na chubwi za risasi za wavuvi, kila moja gramu 100 hivi.

Hatua ya 1: Funga mtambo

Mota ya waipa inafaa kwa sababu ina giya ndani na inazunguka taratibu. Kwa volti 12, spidi yake ndogo ni kama mizunguko 45 kwa dakika, na ile kubwa ni kama 65. Feni ya mezani haifai, ina mbio mno. Ifunge mota chini ya boriti, ncha yake ikitazama sakafu, na uikaze kwelikweli, maana chubwi zikianza kuvuta, mota iliyolegea itacheza na vipimo vyote vitaharibika.

Kwenye ncha ya mota funga kijiti cha mbao kilicholala, chenye tundu mbili, kila moja sentimita 1 kutoka katikati. Huenda ukauliza kwa nini tusifunge uzi katikati kabisa, kama mchoro wa kitabuni unavyoonyesha. Jaribu uone: mota itausokota uzi tu, na chubwi itaning'inia pale pale kama timazi la mwashi. Lazima pawe na kiguu kidogo cha kuuburura uzi. Kiguu hicho kina gharama yake kwenye hesabu, na tutailipa mbele.

Pima urefu wa uzi chubwi ikiwa imeshaning'inia, kwa sababu uzi wa nailoni hunyooka ukivutwa. Pima kutoka kwenye tundu hadi katikati ya chubwi, usiishie kwenye fundo. Wangu wa kwanza ni sentimita 80, yaani L = 0.80 m.

Hatua ya 2: Hesabu mizunguko, ukianzia sifuri

Washa mota kwa spidi ndogo, iache itulie, kisha tumia saa ya simu kupima muda wa mizunguko 20. Chubwi inapopita mbele yako mara ya kwanza, bonyeza saa na useme "sifuri". Wengi husema "moja", na hapo ndipo wanapoharibu. Ukianza na "moja" na ukasimamisha saa kwenye "ishirini", umepima mizunguko 19 lakini utagawa kwa 20. Kosa hilo ni asilimia 5 kwenye muda, na kwa kuwa muda utapigwa kipeo cha pili, pembe itakayotoka kwenye mfano wetu ni digrii 60 badala ya 56.6.

Mimi nilipata sekunde 26.7 kwa mizunguko 20. Kwa hiyo:

```
T = 26.7 / 20 = 1.33 s
n = 60 / 1.33 = 45 kwa dakika
ω = 2π / T = 4.71 rad/s
```

Muda wa mzunguko mmoja tumeshaupata, bila kuijua pembe wala urefu. Kasi ya mota ikijulikana, T haina siri tena. Pembe ndiyo inayotafutwa.

Hatua ya 3: Tafuta pembe, na uangalie unachokifuta

Chubwi ina kani mbili tu: uzito wake mg unaovuta chini, na mkazo wa uzi F unaovuta kuelekea tundu. Haipandi wala haishuki, basi sehemu ya mkazo inayotazama juu lazima iwe sawa na uzito. Inazunguka kwenye duara lenye nusukipenyo r = L sinθ, basi sehemu ya mkazo iliyolala ndiyo inayoivuta kuelekea kitovu cha duara. θ ni pembe kati ya uzi na mstari wa timazi.

```
F cosθ = m g
F sinθ = m ω² L sinθ
```

Kwenye mstari wa pili sinθ iko pande zote mbili. Kila mtu huifuta bila kufikiri, akapata F = m ω² L, akairudisha kwenye mstari wa kwanza:

```
cosθ = g / (ω² L)
```

Fomula ni sahihi. Lakini huwezi kugawa kwa sinθ kama sinθ ni sifuri, na sinθ huwa sifuri uzi ukining'inia wima. Kwa hiyo tulipofuta tuliitupa hali moja halali kabisa, ile ya uzi kutofunguka. Iweke akilini, tutaihitaji.

Sasa weka tarakimu. Kwa g natumia 9.78, si 9.81, kwa sababu Pemba tuko digrii 5 tu kusini ya ikweta, na huku kwetu mvutano ni mdogo kidogo kuliko Ulaya.

```
ω² = 22.2
cosθ = 9.78 / (22.2 × 0.80) = 0.551
θ = 56.6°
r = 0.80 × sin 56.6° = 0.67 m
```

Kikokotoo kikikupa 0.99 badala ya 56.6, kimewekwa kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii.

Uzito wa chubwi haumo kwenye jibu. Umejifuta wenyewe, na safari hii kihalali. Mkazo wa uzi ndio unaoutaka uzito: kwa chubwi ya gramu 100 mkazo ni nyutoni 1.8 hivi, karibu mara mbili ya chubwi ikining'inia tu.

Hatua ya 4: Hakiki kwa kimo, siyo kwa fomula

Vitabu vinatoa T = 2π√(L cosθ / g), na wanafunzi hupenda kuitumia kuhakiki. Ukiingiza pembe yetu utapata 1.33, watu wakafurahi. Mimi sifurahi. Pembe hiyo umeitoa kwenye ω, sasa unairudisha ikupe ω ile ile. Umehakiki kama ulibonyeza vitufe sawasawa, basi.

Hakiki ya kweli ni kupima kitu ambacho hukukitumia. Pembe ya uzi unaozunguka haipimiki kirahisi kwa protrakta, lakini kimo kinapimika. Chukua L cosθ, ambayo ni umbali wa wima kutoka tundu hadi usawa wa chubwi, tuuite h:

```
h = L cosθ = g / ω²
```

L imetoweka. Ukiandika kwa mizunguko kwa dakika, na g yetu ya hapa, inakuwa hivi:

```
h = 892 / n²   (kwa mita)
```

Kwa n = 45, h ni mita 0.44, uzi uwe mrefu uwavyo. Tundu langu liko sentimita 150 kutoka sakafuni, basi chubwi inatakiwa ipite sentimita 106 kutoka sakafuni. Nasimamisha ufito wenye kibanio cha nguo pembeni mwa duara, nakipandisha kibanio polepole hadi chubwi ikiguse kidogo, "tak", kisha napima. Nilipata 106.5, yaani h ya sentimita 43.5.

Ile nusu sentimita imetoka wapi? Ndiyo gharama ya kile kiguu. Chubwi haizunguki kwenye duara la L sinθ, bali L sinθ na sentimita 1 zaidi. Ukilitia hilo, hesabu inakuwa

```
tanθ = ω² (0.01 + L sinθ) / g
```

na hii haifunguki kwa mkono. Unajaribu pembe moja baada ya nyingine hadi pande mbili zilingane. Zinalingana kwenye digrii 57.1 hivi, na h inakuwa sentimita 43.4. Nusu digrii tu, lakini ukiijua hutamlaumu mpimaji.

Sasa funga uzi wa pili, wa sentimita 60, kwenye tundu la upande wa pili. Fomula inaupa uzi huo digrii 42.8 tu, na duara lake ni dogo zaidi. Lakini chuchumaa uangalie kwa usawa wa macho: chubwi zote mbili zinapita kwenye kimo kimoja, tofauti yake haifiki nusu sentimita. Hapo huwa nanyamaza darasani, waangalie wenyewe.

Hatua ya 5: Uzi unaokataa kufunguka

Ondoa uzi wa 60, funga wa sentimita 30. Kabla ya kuwasha, waulize: pembe ni ngapi?

```
cosθ = 0.44 / 0.30 = 1.47
```

`Math ERROR`. Kosaini haivuki 1. Fomula inaitaka chubwi iwe sentimita 44 chini ya tundu, na uzi una 30 tu. Haufiki, kwa hiyo jibu linalobaki ni lile tulilolitupa kwenye hatua ya 3: θ = 0. Kabla ya kutafuta pembe yoyote, basi, tafuta h, uilinganishe na L. Kama h ni kubwa kuliko L, uzi hautafunguka, na huna haja ya kukigusa kitufe cha kosaini.

Washa mota. Uzi wa 80 unafunguka vizuri, wa 30 unazunguka karibu na mhimili, umelala digrii 4 hivi. Kila mara atatokea mmoja wa kusema, "Mbona si sifuri?" Digrii hizo ni za kiguu, hazina uhusiano na penduli. Ukisogeza tundu karibu na katikati zinapungua. Ukilisogeza nje zinaongezeka.

Kasi ambayo uzi wa mita L unaanza kufunguka unaipata kwa kuweka h = L:

```
n = √(892 / L)
```

Kwa uzi wa 80 ni mizunguko 33 kwa dakika. Kwa wa 30 ni 54.5, na mota yetu ina spidi mbili, 45 na 65. Zima, fungua uzi mrefu uweke pembeni, maana kwa 65 chubwi yake ingekwenda zaidi ya mita 5 kwa sekunde na sitaki fundo likatike kuelekea dirishani. Hamisha waya kwenye spidi kubwa, waambie watoto warudi nyuma, washa. Uzi uleule wa 30 unaanza kuyumba, unapanuka duara kwa duara, unatulia karibu na digrii 45.