Pini Imeangukia Ng'ambo ya Korongo: Jinsi ya Kurekebisha Mahali pa Kuchukuliwa Arusha

"Dereva, mbona nakuona lakini huji?"

Mama aliyenipigia simu hiyo alikuwa amesimama kwenye geti lake kule Ilboru, ananipungia mkono. Mimi nilikuwa nimeegesha pale pale iliponileta pini, ile alama ya mahali pa kuchukuliwa kwenye programu ya kuita gari, na kati yetu palikuwa na korongo lenye migomba. Kwa macho, hatukupishana hata mita 100. Kwa matairi ilibidi nishuke hadi barabara kubwa, niingie njia nyingine, kisha nipande tena. Safari hiyo ilikuwa kama kilomita mbili na nusu, sehemu kubwa rafu rodi. Tukafanya hivyo mara mbili, kwa sababu wiki iliyofuata pini iliangukia kulekule, ingawa safari hii aliiweka kwa mkono wake mwenyewe. Nitaeleza kwa nini, maana kosa lake la pili ndilo ninaloliona kwa abiria wengi zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu mji wetu. Arusha imekaa miguuni pa Mlima Meru, na mito kama Themi na Naura inateremka kutoka kaskazini kwenda kusini. Njia za Ilboru, Sekei na Sakina ya juu nazo zinapanda mlima sambamba na makorongo, na madaraja ya gari huko juu ni machache. Kwa hiyo pini ikikosea mita 40 kwenda juu au chini ya njia yako, hakuna shida, utaliona gari na utalifuata kwa miguu. Ikikosea mita hizohizo 40 kwenda kushoto au kulia, gari linafika kwenye njia nyingine kabisa. Wenzangu wa Moshi wanalijua hilo kwa mito ya Rau na Karanga. Kazi yote hapa chini ni kuhakikisha pini haihami kwenda ubavuni.

Hatua ya 1: Toka nje, subiri duara lipungue

Fungua ramani na utazame kidoti cha buluu kinachoonyesha ulipo. Ukikiona kimezungukwa na duara la buluu hafifu, simu inakuambia kwamba huenda uko popote ndani ya duara hilo. Ndani ya nyumba yenye paa la bati duara linaweza kufunika nyumba za majirani, kwa sababu chuma kinazuia mawimbi ya setelaiti. Hapo simu inakisia kwa kutumia waifai za jirani na minara ya simu. Umeme ukikatika waifai zinazimika, na kidoti kinaweza kuruka nyumba kadhaa bila wewe kuinuka kwenye kochi. Kuna kituko kingine pia: ukihama na kifaa chako cha waifai, simu inaweza kwa muda kuamini kwamba bado uko ulikokuwa unaishi.

Dawa ni kutoka hadi uwanjani ambapo unaona anga na kusimama nusu dakika au dakika moja. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hufikia usahihi wa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa au kando ya ghorofa itapungukiwa, kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu. Wengine huizungusha simu hewani kama wanachora namba 8. Hiyo inarekebisha dira, yaani upande simu inakoelekea. Mahali ulipo hapabadiliki kwa hilo.

Duara likikataa kupungua hata ukiwa nje, angalia ruhusa za programu unayoitia gari. Kwenye Android, ingia kwenye `Location`, chagua programu hiyo, uwashe `Use precise location`. Kwenye iPhone ni `Location Services`, kisha jina la programu, kisha `Precise Location`. Ikiwa imezimwa, programu inapewa eneo la jumla tu, na pini inaweza kukosea hata kilomita kadhaa.

Hatua ya 2: Usichanganye kidoti na pini

Kidoti ni mahali simu inapodhani upo. Pini ni mahali dereva anapoelekezwa. Hivi ni vitu viwili, na programu haina wajibu wa kuviweka pamoja. Inaweza kukuletea pini ya mahali ulipochukuliwa jana, au pini ya jina la duka lililo karibu, au ikaivuta pini hadi kwenye barabara iliyo jirani. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuita gari, gusa sehemu ya kuchukuliwa ili ramani ifunguke, uone pini imekaa wapi.

Hatua ya 3: Weka pini barabarani, mbele ya geti

Hapa ndipo Mama wa Ilboru alipokosea mara ya pili. Alikuza ramani vizuri, akaona paa lake, akaiweka pini katikati ya paa. Mtu yeyote angefikiri hivyo ni sahihi. Lakini gari haliwezi kuendeshwa hadi kwenye paa, kwa hiyo mfumo unaochora njia hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini, na huipima kwa mstari ulionyooka. Hauoni ukuta, hauoni fensi ya michongoma, hauoni korongo.

Kiwanja chake ni kirefu na nyumba imejengwa nyuma kabisa, karibu na korongo. Nilipopima kwenye ramani, kutoka katikati ya paa hadi njia ya ng'ambo ilikuwa kama mita 30. Kutoka paani hadi njia yake mwenyewe, ile inayopita getini, ilikuwa kama mita 45. Mfumo ukachagua ya mita 30. Kwa hesabu yake haukukosea, ila hesabu hiyo haina korongo ndani yake.

Basi fanya hivi. Kuza ramani mpaka njia yako na njia ya jirani zionekane mbali mbali. Kwenye programu nyingi pini hukaa katikati ya kioo na wewe unasogeza ramani chini yake, kwa hiyo tazama ncha ya pini, usitazame kichwa. Ncha hiyo ikae juu ya mstari wa barabara yenyewe, mbele ya geti. Ukiiachia kisha ikaruka yenyewe kwenda kando, irudishe, na usikubali mpaka itulie.

Kama njia yako haipo kabisa kwenye ramani ya programu, usilazimishe pini ikae kwenye eneo tupu, kwa sababu itavutwa kwenda popote. Shuka hadi mahali njia yako inapokutana na barabara iliyochorwa, uweke hapo, umsubiri dereva hapo au umpigie akupandie.

Hatua ya 4: Ijaribu pini kabla ya kuitumia

Hii watu hawaifanyi, na inachukua dakika moja. Fungua Google Maps, washa picha ya `Satellite` ili uone paa na geti lako, kisha bonyeza kwa muda mrefu mahali ulipokusudia kuchukuliwa. Gusa `Directions`, chagua gari, na uanzie sehemu unayoijua mjini, kwa mfano Mnara wa Saa. Tazama mstari unaishia wapi. Ukiishia kwenye njia yako, mbele ya geti, umemaliza. Ukiishia ng'ambo, halafu vidoti vidogo vikaendelea kutoka barabarani hadi kwenye pini yako, umeona kosa lenyewe: ramani inasema gari lifike pale, mengine utatembea. Kwa Mama, vidoti hivyo vilikatiza juu ya korongo.

Ukibonyeza kwa muda mrefu utaziona pia namba mbili za mahali hapo. Zinafanana na hizi, ambazo ni za mfano tu:

```
-3.3512, 36.6934
-3.3512, 36.6938
```

Namba ya kwanza ni kaskazini na kusini, ya pili ni mashariki na magharibi. Huku kwetu, tarakimu ya nne baada ya nukta ikibadilika kwa moja, ni kama mita 11. Mistari hiyo miwili imepishana kwa 4 kwenye tarakimu hiyo ya namba ya pili, yaani mita 44 hivi kwenda ubavuni, kiasi cha kuvuka korongo. Ukimtumia dereva namba hizi, zinakili zote bila kuacha alama ya kutoa mwanzoni. Mtu aliwahi kuniandikia bila alama hiyo, na ramani ikanipeleka kaskazini mwa Kenya, upande wa Ziwa Turkana.

Hatua ya 5: Dereva akishapokea, tazama anakopinda

Programu nyingi zinakuonyesha gari likija. Usilitazame gari likiwa mbali mjini, subiri lifike kwenye kona ambayo njia yako na njia ya ng'ambo zinaachana. Likipinda vibaya, piga simu hapo hapo, kabla halijapanda. Baadhi ya programu zinakuruhusu kusogeza pini baada ya kuita, kwa umbali mfupi tu na kabla dereva hajabonyeza kwamba amefika.

Ukiandika ujumbe, mpe dereva kona ya kuingilia na upande wa geti. "Niko karibu na kanisa" hainisaidii, makanisa ni mengi. Huu hapa ujumbe wa Mama siku hizi: "Usifuate pini ikikuvusha daraja. Pinda kabla ya daraja, panda, geti la kijani kushoto." Kama nyumba yako ina kibao cha anwani ya makazi, kile chenye jina la barabara na namba, kiongeze. Nikiwa nimeshaingia njia sahihi, namba inanimalizia kazi.

Mjini kati mambo ni mepesi zaidi. Kwenye hospitali, hoteli kubwa au kituo cha mikutano cha AICC, pini ya jina la mahali mara nyingi hukaa katikati ya eneo lote, na mageti yako pembeni. Chagua geti, weka pini nje yake, basi.

Hatua ya 6: Ihifadhi pini, usihifadhi jina la mtaa

Pini ikishakubali, ihifadhi kwenye programu kwa jina lako mwenyewe. Mama aliandika "Getini", na kila akiita gari anaanzia hapo badala ya kuiachia simu ikisie. Akitoka kwa ndugu zake Njiro hubadilisha, maana "Getini" haimfuati aendako. Aliwahi kusahau mara moja, dereva akaenda kumsubiri Ilboru, na yeye yuko Njiro anakunywa chai.

Mimi nimeripoti njia yake kwenye ramani, na nimependekeza kile kivuko cha miguu cha pale chini kisihesabiwe kama daraja la gari. Mpaka leo bado kinachorwa kama barabara, kwa hiyo ukipewa njia ya mkato pale, usiingie na gari.