Rili ya kazi za chuo tu? Zima sauti kwanza

Wasee wa kamera, kama rili yako, ile video fupi ya kuonyesha mwajiri shoti zako bora, ni kazi za chuo pekee, zima sauti kabla ya kuchagua klipu yoyote. Stori unaijua wewe, mwenye anakuajiri anaona mwanga, fremu na vile kamera inatembea, basi. Shoti yenye inahitaji maneno ndio ieleweke, toa, hata kama mlikesha nayo.

Sema uko na filamu fupi tatu: stori ya usiku steji ya matatu, drama ya ndani ya hosteli na dokumentari ya soko la Gikomba. Usizipange moja baada ya nyingine, juu mtu atajua haraka ni kazi tatu tu. Fungua na ile ya usiku, uso unaangazwa na taa za matatu na huku nyuma bado kunaonekana, kisha ruka Gikomba mchana, fundi akipiga nyundo kushoto kwenda kulia, halafu hosteli, kamera ikienda upande uleule. Macho yanafuata mwendo.

Lakini wacha mahali pamoja shoti mbili tatu za sini moja zikae pamoja, ile pana na zile za karibu, zionyeshe mwanga wako haukuruka ukibadilisha engo. Hapo ndio wengi hukwama, shoti moja safi hata bahati inaweza kukupea.

Dakika moja inatosha. Ile shoti ya pili kwa ubora iweke mwisho, na kama mwanga ulifanywa na beshte yako, andika wewe ulishika kamera tu.