Tailizi zikifika pungufu au shedi tofauti: mambo ya kuzingatia kabla lori halijaondoka

Mzigo wa tailizi unaotoka Dar kuja Dodoma mara nyingi hufika kwa wakati mbaya. Dereva ametembea usiku, ana mzigo wa mtu mwingine wa kupeleka Singida, vijana wa kushusha wanataka hela yao waondoke, na utingo ameshakushikisha kalamu. Ukisaini kwa haraka hiyo, kila utakachokuja kumwambia muuzaji baadaye kitaanza na maelezo ya kwa nini ulisaini. Kwa hiyo nyingi ya kazi hizi hufanywa kabla lori halijafika, na ya kwanza hufanywa siku unayoagiza.

Nitatumia nyumba moja niliyoisimamia Nzuguni. Sakafu ilikuwa mita za mraba 81: sebule na korido 51, na vyumba viwili vya kulala vya mita 15 kila kimoja. Tailizi zilikuwa za sentimita 60 kwa 60, nne kwenye boksi, na boksi moja linafunika mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata mita 89.1, sawa na boksi 62. Bei ilikuwa shilingi 38,000 kwa boksi, jumla shilingi 2,356,000.

Watu wengi wakiagiza huandika ukubwa, rangi na idadi, wakaishia hapo. Neno linalokosekana ni shedi. Kiwanda huchoma tailizi kwa mikupuo, na mkupuo mmoja hutofautiana kidogo na mwingine hata kama jina la rangi ni lilelile. Ndiyo maana ubavuni mwa boksi kuna namba fupi iliyoandikwa SHADE au TONE. Krimu ya shedi 07 na krimu ya shedi 12, ukiziona kila moja peke yake, utaapa ni kitu kimoja. Zipange pamoja sakafuni, mwanga wa dirishani uzipige kwa pembeni, na mstari unaozigawa utauona ukiwa mlangoni. Kwa hiyo kwenye oda andika waziwazi: “boksi 62, zote shedi moja”, na umwombe muuzaji aandike hivyo kwenye profoma. Bila maneno hayo atakwambia uliagiza krimu na krimu umepata. Atakuwa na hoja.

Kabla ya siku ya mzigo andaa vitu vichache. Chapa profoma na risiti ya EFD, au ziwe tayari kwenye simu isiyo na chaji ya kubahatisha. Tafuta kalamu mbili na daftari. Kuwe na kitambaa cha kufutia, maana boksi lililopita vumbi la huku kwetu halisomeki namba. Tafuta pia mtu wa pili. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anachora vijiti kwenye daftari, vitano vitano. Nimejaribu kuhesabu peke yangu huku nikijibu simu ya fundi, na mara zote mbili nilipata idadi mbili.

Waambie wanaoshusha wapange boksi kwa safu za tano, lebo zikitazama nje. Watalalamika kidogo, kwa sababu wamezoea kurundika zinavyotoka. Ukiahidi ya soda kabla hawajaanza, lalamiko linapungua. Safu zikipangwa hivyo unahesabu boksi na kusoma shedi kwa pamoja.

Idadi uliyohesabu peke yake haikuambii umuulize nani. Ziweke namba tatu kwenye mstari mmoja: ulizolipia, zilizoandikwa kwenye hati ya mzigo aliyokuja nayo dereva, na zilizoshuka. Hati ikisema 62 na zimeshuka 60, zile mbili zilipotea kati ya ghala na kwako, hivyo dereva lazima aandike upungufu huo na kusaini kabla hajawasha gari. Hati ikisema 60, dereva ameleta alichopakiwa na kosa liko ghalani kwa muuzaji. Kwetu ilikuwa hivyo. Hati ilisema 60, zikashuka 60, risiti ikasema 62. Mlinzi wetu alikuwa ameshaanza kumfokea utingo, ikabidi nimwombe radhi yule kijana.

Tulipofuta vumbi kwenye lebo tukakuta boksi 42 ni shedi 07 na boksi 18 ni shedi 12. Zaidi ya hapo, boksi tatu za shedi 07 zilikuwa na pembe zilizobonyea. Tulizifungua mbele ya dereva tukakuta tailizi saba zimevunjika.

Picha zipigwe kwa mfuatano ambao mtu aliyeko Kariakoo ataufuata bila kupigiwa simu. Ya kwanza ni mzigo ukiwa bado kwenye lori, namba ya gari ionekane. Ya pili ni safu zote chini, upige kutoka pembeni na si kutoka mbele, ili safu zihesabike. Baada ya hapo piga lebo: moja ya shedi 07 na moja ya shedi 12, karibu kiasi cha kusomeka, kisha picha moja ya rundo lote la shedi 12 lililotengwa. Halafu toa tailizi moja ya kila shedi, zilaze chini zikigusana, kivulini, asubuhi au jioni. Usitumie flashi. Jua la saa saba la Dodoma na flashi ya simu hufanya kitu kimoja: hufuta tofauti yote unayotaka kuionyesha.

Boksi lililobonyea lipige kwanza likiwa limefungwa. Lilipobonyea nje na kuvunjika ndani mahali palepale, ni dalili ya kugongwa au kudondoshwa njiani au wakati wa kupakia. Boksi lisilo na alama, ndani kumevunjika, huelekea kuwa lilitoka hivyo ghalani. Ukilichana kabla ya kulipiga picha umepoteza tofauti hiyo. Baada ya kufungua, panga vipande chini ili kila tailizi iliyovunjika ihesabike kama moja. Rundo la vigae vilivyopasuka linaweza kuwa tailizi tatu au kumi, na muuzaji atachagua tatu.

Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa na maandishi ya lebo yanafifia. Zile za lebo zitume kama faili kwa kugusa Document, na za asili usizifute kwenye simu.

Hati ya dereva saini, lakini juu ya saini yako andika kwa mkono: “Zimepokelewa boksi 60. Boksi 18 ni shedi 12, hazilingani na oda. Tailizi 7 zimevunjika.” Weka tarehe na saa, dereva asaini chini yake, piga picha. Dereva mwingine hukataa akidhani anabebeshwa deni. Mweleze kwamba anathibitisha alichokiona tu.

Kisha mzuie fundi. Hili ndilo limewaangusha wengi niliowaona. Fundi analipwa kwa mita, hataki kukaa bure, na atakwambia “hizi tunachanganya, haitaonekana”. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kuwa ameukubali. Nafasi hiyo inaisha ukisema umeukubali, ukikaa nao kwa muda unaozidi wa kawaida bila kusema kitu, au ukiufanyia jambo ambalo mwenye mali pekee ndiye angelifanya. Kubandika tailizi kwa saruji ni jambo la namna hiyo. Zile 18 tuliziweka peke yake na kuzifunika turubai.

Kabla ya kuandika ujumbe, amua unataka nini, kwa sababu “naomba unisaidie” humwachia muuzaji achague msaada. Hapa piga hesabu ya nyumba yako mwenyewe. Boksi 42 za shedi 07, ukitoa tailizi saba, zinabaki sawa na boksi 40 na tailizi moja. Sebule na korido zinahitaji 39, kwa hiyo eneo linaloonekana na wageni lilikuwa salama. Vyumba viwili vilihitaji 23, na shedi 12 zilikuwa 18. Kwa hiyo nilikuwa na ombi la kwanza na la pili, na yote mawili yangefanya nyumba ikamilike. Ujumbe ulikuwa hivi:

“Habari za jioni, kaka. Mzigo wa Nzuguni umefika leo saa tisa alasiri. Nililipia boksi 62 za 60 kwa 60 krimu, shedi moja, kama profoma yako inavyosema. Hati ya mzigo inasema 60 na zimeshuka 60: shedi 07 boksi 42, shedi 12 boksi 18. Tailizi 7 za shedi 07 zimevunjika. Picha 11 nimekutumia, na hati aliyosaini dereva. Naomba boksi 22 za shedi 07: mbili pungufu, mbili badala ya zilizovunjika, na 18 za kubadilishana, hizi 18 gari lako lizichukue kwa gharama yako. Kama shedi 07 imekwisha, nitabaki na hizi 18 kwa vyumba, na uniletee boksi 4 za shedi 12 bila malipo. Naomba jibu kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Tailizi hazijabandikwa.”

Sikuomba hela ya tailizi saba, ingawa shilingi 66,500 si ndogo, kwa sababu boksi lenye shedi isiyolingana au hela mkononi havimalizi chumba. Ukinunua boksi mbili za kufidia kwenye duka la hapa mjini, uwezekano wa kupata mkupuo uleule ni mdogo. Kwa hiyo kila ombi la kuletewa nyingine litaje namba ya shedi.

Ujumbe uwe wa maandishi hata kama mmeongea kwa simu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Ukipigiwa simu ukaahidiwa kitu, mwandikie mara moja: “Kama tulivyoongea, utaleta boksi nne Jumamosi.” Akikaa kimya au akikubali, imebaki kwenye maandishi.

Yule muuzaji alijibu Jumatano usiku. Shedi 07 ilikuwa imekwisha, akakubali boksi nne za shedi 12. Zingefanya 22 badala ya 23, mita za mraba 31.68 kwa vyumba vya mita 30, na fundi akasema vyumba ni mraba mtupu, akipanga kwa kunyoosha zitatosha. Zilikuja na lori lingine Jumatatu. Utingo alishika kalamu, mimi nikashika kitambaa, nikafuta lebo zote nne kabla ya kusaini. Tatu zilikuwa 12. Ya nne ilikuwa 21, ikarudi na lori lilelile.